Seli ya 18650 imeandikwa 9900 mAh lakini haidumu: dalili, sababu na namna ya kuipima

Ukikuta 9900 mAh kwenye seli ya 18650, lebo hiyo ni ya uongo hata kabla hujaigusa kwa mita. Seli hii, ile ya duara yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina nafasi ndogo ndani yake, na viwanda vikubwa vimeshaijaza karibu kadiri inavyojazika. Panasonic NCR18650B inahesabiwa karibu 3400 mAh. LG MJ1 na Samsung 35E ziko karibu 3500 mAh. Zipo chache za karibuni zinazotajwa kukaribia 4000. Ukiona 5000, 6800, 9900 au 12000 kwenye kopo la ukubwa huo, unachosoma ni tangazo la mchapaji wa lebo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Seli ya 3500 mAh yenye volti 3.6 hubeba nishati ya wati-saa 12.6 ndani ya gramu 48 hivi. Seli ya 9900 mAh ingepaswa kubeba karibu wati-saa 36 ndani ya kopo lilelile, yaani karibu mara tatu ya zile bora zinazouzwa. Kifaa cha namna hiyo kingekuwa kimeshaingia kwenye magari na simu zamani, kisingeuzwa kama nyongeza ya tochi.

Mwongozo huu unashughulikia 18650 peke yake, kwa sababu ndiyo inayoghushiwa zaidi na ndiyo iliyo rahisi kupima nyumbani. Njia ya kupima inafaa pia kwa seli nyingine za lithiamu za volti 3.6 au 3.7, ila uzito na uwezo wake ni tofauti.

Kwa nini zimejaa sokoni

Sababu ya kwanza ni kwamba uwezo hauonekani. Seli ya 1000 mAh ikijaa inasoma volti 4.2, na ya 3400 mAh ikijaa inasoma volti 4.2 vilevile. Mita ya kawaida haiwezi kuzitenganisha. Ili kujua iliyo na kitu ndani unapaswa kuijaza kisha kuimwaga polepole huku ukihesabu, kazi ya saa kadhaa ambayo mnunuzi hawezi kuifanya akiwa amesimama mbele ya muuzaji.

Ya pili ni mali ghafi. Betri ya kompyuta mpakato hutupwa mara nyingi kwa sababu seli moja au mbili zimekufa, huku nyingine zikiwa na uhai kiasi. Zilipokuwa mpya nyingi zilikuwa za 2200 hadi 2600 mAh. Seli hizo za mtumba hung'olewa, huvuliwa ganda la plastiki, hufunikwa ganda jipya linalobana kwa joto, na ganda hilo huja limeshachapwa namba yoyote mtu anayotaka. Kundi jingine ni seli zilizokataliwa kiwandani kwa kutofikia kiwango. La tatu, ambalo ndilo baya kuliko yote, ni kopo la 18650 lenye seli ndogo zaidi ndani na nafasi iliyobaki imejazwa unga au kitu kingine kisicho na kazi.

Halafu kuna mashindano ya lebo. Mmoja akiandika 5000, mwenzake ataandika 6800, wa tatu 9900. Muuzaji mkweli mwenye seli halali ya 2600 anaonekana ana mali dhaifu. Watengenezaji wakubwa nao huuza seli zao hasa kwa viwanda vinavyounda betri kamili, kwa hiyo seli mojamoja inayofika mikononi mwa mtu binafsi mara nyingi imepitia mikono mingi ambayo hakuna anayeijibia.

Dalili ya 1: Chaja inasema imejaa, kifaa kinazima mapema mno

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Sababu zake, kuanzia inayotokea zaidi:

1. Uwezo wa kweli ni mdogo kuliko lebo.
2. Chaja inaacha kabla seli haijajaa.
3. Kifaa kinakula umeme mwingi kuliko ulivyodhani.
4. Mguso mbovu: kutu au uchafu kwenye springi na vichwa.

Anza na visivyohitaji chombo maalumu. Futa vichwa vya seli na springi za kifaa kwa kitambaa kikavu. Ichaji seli mpaka chaja iseme imejaa, itoe, iache itulie saa moja, kisha pima volti. Seli nzima husoma kati ya 4.15 na 4.20. Ikisoma 4.00 au chini, jaribu chaja nyingine kabla hujailaumu seli, maana umeme ambao haukuingia hauwezi kutoka. Kama hata chaja nyingine inaishia 4.20 na baada ya saa moja volti imeporomoka hadi 4.05 au chini, tatizo liko kwenye seli.

Kisha pima uzito kwa mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu. Seli halali ya 18650 isiyo na saketi ya ulinzi huwa kati ya gramu 42 na 50, na zile za 3400 mAh kwenda juu zinakaribia 48. Ikiwa na gramu 35 au chini, ndani yake hamna chuma, shaba na grafiti ya kutosha kuwa seli kamili. Lakini uzito mzuri usikuridhishe. Seli ya mtumba iliyochoka ina uzito uleule iliyokuwa nao ilipotoka kiwandani, na kopo lililojazwa unga linaweza kusukumwa hadi gramu 45. Mizani inakamata uongo mkubwa tu.

Angalia pia upande wa hasi, ile sehemu bapa ya chini. Seli mpya huwa laini. Ukiona vidoa viwili vinne vilivyochomwa, mikwaruzo ya duara ya kusagwa, au mabaki ya bati jembamba la nikeli, seli hiyo iliwahi kuchomelewa ndani ya betri nyingine. Usichane ganda ili usome namba zilizo kwenye kopo. Kopo zima la chuma ni upande wa hasi, na linafika juu kabisa hadi pembeni mwa kichwa cha chanya. Ganda likitoka, kipande chochote cha chuma kinaweza kuunganisha pande hizo mbili na kupiga shoti.

Hayo yote yanakupa shaka. Uthibitisho unatokana na kuimwaga seli na kuhesabu.

*Kwa chaja yenye kipimo*

Njia nyepesi ni chaja ya kupima, ile yenye kioo kinachoonyesha mAh na inayoweza kutoa umeme kwenye seli, si kuuingiza tu. Chagua kipimo kinachojaza kwanza, kisha kikamwaga na kurekodi. Weka mkondo wa kumwaga kwenye 0.5 A kama unapatikana. Viwanda hutaja uwezo kwa kumwaga taratibu, kwa kawaida sehemu ya tano ya uwezo kwa saa, ambayo kwa seli ya 3400 ni 0.68 A. Kwa hiyo 0.5 A haimwonei muuzaji.

*Bila chaja hiyo*

Unahitaji resista moja ya seramiki ya omu 5 na wati 10 (ya 4.7 au 5.1 inafaa pia, mradi utumie namba yake halisi kwenye hesabu), kikalio cha seli chenye springi nzito, waya mfupi mnene, mita ya volti na saa. Usilehemu waya moja kwa moja kwenye seli, kwa sababu joto la pasi huharibu sili na kitenganishi cha ndani. Resista itapata joto la kuunguza, kwa hiyo ilaze juu ya kigae au sahani ya udongo, mbali na seli yenyewe.

Jaza seli, iache itulie saa moja, andika volti. Unganisha resista. Baada ya sekunde kumi pima volti kwenye ncha za seli, kisha kwenye ncha za resista. Tofauti ikizidi volti 0.05, mguso au waya vinakula umeme; virekebishe kwanza. Baada ya hapo pima kwenye resista kila dakika 15. Ukiona imeshuka chini ya 3.4, pima kila dakika mbili au tatu, maana kutoka hapo volti huporomoka haraka. Kata muunganisho ikifika 2.8. Resista haijui kuacha. Ukiisahau usiku kucha, itaimwaga seli hadi karibu sifuri na kuiharibu kabisa.

Hesabu ni hii, V_wastani ikiwa wastani wa volti ulizopima na R ikiwa omu za resista:

```
mAh = (V_wastani / R) x saa x 1000
```

*Mfano uliofanyiwa kazi*

Tuchukue seli yenye lebo ya 9900 mAh na uzito wa gramu 34. Imejazwa, imetulia saa moja, inasoma 4.11. Ikiwa na resista ya omu 5, vipimo vinakwenda hivi:

| Dakika | Volti |
|---|---|
| 0 | 3.90 |
| 15 | 3.76 |
| 30 | 3.66 |
| 45 | 3.57 |
| 60 | 3.47 |
| 75 | 3.33 |
| 90 | 3.02 |
| 93 | 2.80, imekatwa |

Chukua wastani wa kila jozi inayofuatana ndani ya zile dakika 90, yaani 3.83, 3.71, 3.615, 3.52, 3.40 na 3.175. Wastani wa hizo sita ni volti 3.54. Ukigawa kwa 5 unapata mkondo wa wastani wa 0.708 A. Mara saa 1.5, mara 1000, ni 1062 mAh. Dakika tatu za mwisho zinaongeza 29 hivi. Jumla ni karibu 1090 mAh, kama asilimia 11 ya kilichoandikwa.

Mtu anaweza kusema kwamba vipimo vya nyumbani vina makosa. Ni kweli vinayo. Resista ya kawaida inaweza kupotoka kwa asilimia 5, mita ya bei nafuu kwa asilimia 1 au 2, na kuishia 2.8 badala ya 2.5 kunaacha asilimia chache ndani ya seli. Jumlisha makosa yote kwa upande wa muuzaji na seli hii bado haifiki 1300. Ndiyo maana kipimo cha resista, pamoja na ukale wake, kinatosha kabisa kwa kazi hii. Pengo linalotafutwa ni kubwa kuliko kosa la chombo.

Kumbuka pia kilichotokea mwanzoni: volti ilishuka kutoka 4.11 hadi 3.90 mara tu resista ilipounganishwa. Tutairudia kwenye dalili ya 3.

Dalili ya 2: Kipimo kinatoa namba ndogo, lakini huna uhakika kama ni utapeli

Si kila pengo ni udanganyifu, na ni vizuri kutenda haki hapa kabla ya kurudisha bidhaa ya watu. Sababu, kuanzia inayotokea zaidi:

Kwanza, masharti ya kipimo ni magumu kuliko ya kiwandani. Seli halali ya 3400 ikimwagwa kwa 1 A na chaja ikakata kwenye 2.8, kusoma 3100 hadi 3300 ni kawaida. Kama chaja inakata kwenye 3.0, itapungua zaidi. Rudia kwa 0.5 A kabla ya kuhukumu.

Pili, seli imekaa miaka mingi ghalani. Ni halali, ila imezeeka. Hupungua kwa asilimia 5 au 10, na mara nyingi ukinzani wake umepanda.

Tatu, baridi. Chumba kikiwa chini ya nyuzi 15 seli hutoa kidogo kuliko kwenye nyuzi 20 hadi 25. Iache ipate joto la chumba kwanza.

Nne, umesoma namba ya kuchaji badala ya namba ya kumwaga. Ukiweka kwenye chaja seli iliyokuwa na nusu, kioo kitaonyesha nusu tu, na hiyo si habari ya uwezo wake. Kinyume chake pia hutokea: seli inayovuja ndani hupokea umeme mwingi kuliko inaoweza kurudisha, na namba ya kuchaji inaipamba. Tumia namba ya kumwaga peke yake.

Kwa uamuzi, pengo la hadi asilimia 10 kwa masharti mazuri halina kesi. Kati ya 10 na 25 huenda ni seli ya zamani au ya daraja la chini. Rudia kipimo mara moja, ikithibitika iulizie. Ikipungua zaidi ya robo kwenye seli iliyouzwa kama mpya, lebo hailingani na kilichomo. Na kama seli yenye jina la kiwanda kinachojulikana na lebo ya 3500 inatoa 2000 safi bila kuyumba, uwezekano mkubwa ni seli ya mtumba ya kompyuta iliyovalishwa ganda la kuigiza. Wajanja wa namna hii wamegundua kwamba 3500 inaaminika kuliko 9900, na hao ni wagumu zaidi kuwakamata kwa macho.

Neno moja kuhusu pawabanki, kwa sababu watu huzilaumu bure. Iliyoandikwa 10000 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani, lakini inatoa volti 5 kwenye kebo. Zidisha 10000 kwa 3.7, gawa kwa 5, unapata 7400. Saketi ya kupandisha volti nayo hula sehemu yake, kama asilimia 10 hivi au zaidi. Ukipima kwenye kebo ukapata 6300 hadi 6700, pawabanki hiyo ni ya kweli. Ukipata 2500, hapo una sababu ya kulalamika.

Dalili ya 3: Inafanya kazi kwenye taa ndogo, inazima kwenye kifaa chenye nguvu

Tochi inawaka kwa mwanga mdogo kwa muda mrefu, lakini ukipandisha mwanga inapepesa na kuzima. Ukiitoa seli na kuipima, mita inasema 3.8. Hapa sababu kuu ni ukinzani wa ndani uliopanda, alama ya seli iliyochoka. Mguso mbovu unafuata. Cha mwisho ni saketi ya ulinzi iliyo chini ya baadhi ya seli, ambayo hukata mkondo ukizidi kiwango chake. Seli yenye saketi hiyo utaitambua kwa urefu, maana hufika milimita 68 hadi 70.

Ukinzani unaupata kutoka kwenye kipimo cha resista ulichokwisha kufanya. Kwenye mfano wetu volti ilishuka kwa 0.21 huku mkondo ukiwa 0.78 A. Gawa 0.21 kwa 0.78, unapata omu 0.27. Seli mpya nzuri kwa njia hii ya kienyeji huwa chini ya omu 0.08 au 0.1, ikipita 0.15 imeshachoka. Omu 0.27 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kifaa kikivuta 3 A, volti 0.8 zinapotelea ndani ya seli yenyewe. Seli ya 3.7 inabaki na 2.9 kwenye ncha, kifaa kinaona betri imekwisha na kuzima. Hizo volti zilizopotea hazijaenda mbali: zimegeuka joto ndani ya kopo, zaidi ya wati 2.

Baadhi ya chaja huonyesha ukinzani kwenye kioo. Ichukulie kama dokezo tu. Ukiitoa seli na kuirudisha, namba hiyo inaweza kubadilika sana kwa sababu springi haikugusa palepale. Kama unataka kuitumia, soma mara tatu au nne na uchukue iliyo ndogo.

Hakuna tiba ya ukinzani uliopanda. Kuchaji na kumwaga mara nyingi ili "kuiamsha" seli hakurudishi kitu kwenye lithiamu. Seli kama hiyo inaweza kutumika kwenye kitu kinachovuta kidogo, mradi haina dalili ya 4 wala ya 5. Isiende kwenye tochi kali, sigara za umeme wala mashine za kuchimbia.

Dalili ya 4: Inajaa vizuri, ukirudi baada ya siku chache imeshuka yenyewe

Sababu ya kawaida ni kuvuja kwa ndani, na hutokea mno kwa seli za mtumba zilizowahi kumwagika kupita kiasi ndani ya betri ya zamani. Volti ya seli ikishuka chini ya 2 hivi na kukaa hapo, shaba iliyo kwenye upande wa hasi huanza kuyeyuka ndani ya kimiminika. Ukija kuichaji, shaba hiyo inaganda upya mahali pasipo pake na inaweza kutengeneza njia ndogo za umeme kati ya chanya na hasi. Seli inaonekana imefufuka, lakini inajila yenyewe. Seli zenye saketi ya ulinzi zinaweza kuvuja kidogo kupitia saketi hiyo. Hiyo si hatari.

Kipimo hakitaki gharama. Ijaze, iache saa 24, andika volti kwa desimali mbili na tarehe kwenye kipande cha gundi ya karatasi. Iweke nje ya kifaa mahali pa baridi ya kawaida na usome tena baada ya wiki mbili. Seli nzima hupoteza volti 0.01 au 0.02 tu. Ikiwa imeshuka kwa 0.1 au zaidi, iondoe kwenye matumizi. Usikubali kishawishi cha kuitumia "mpaka ife", kwa sababu njia ile ya ndani inaweza kupanuka wakati wa kuchaji, na hapo dalili inayofuata ndiyo inayoanza.

Kwa sababu hiyo hiyo, seli mpya iliyofika ikisoma chini ya 2.5 isichajiwe hata mara moja. Seli kutoka kiwandani husafirishwa ikiwa na nusu au chini ya nusu ya chaji na kawaida hufika ikisoma 3.4 hadi 3.7. Ikija na 1.8, imeshaishi maisha mengine.

Dalili ya 5: Inapata joto wakati wa kuchaji, au chaji haiishi

Hapa hakuna uchunguzi wa ziada wa kufanya nyumbani. Seli inayochajiwa kwa 0.5 A au 1 A inapaswa kuwa vuguvugu tu. Ukiweka kidole ukaona huwezi kukiacha pale, imepita nyuzi 45, ambao ndio mpaka wa kuchaji kwa seli nyingi za aina hii. Seli ambayo mkondo wake haupungui baada ya kufika 4.20, au ambayo chaja imeshaingiza mAh nyingi kuliko 18650 yoyote inavyoweza kubeba, umeme wake unageuka joto.

Chomoa chaja ukutani kwanza, ndipo ushughulike na seli. Kama bado inashikika, ipeleke nje juu ya saruji au udongo, mbali na kitu kinachoungua, na iache saa kadhaa. Ukisikia ikifoka, ukiona moshi au ukanusa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, usiikaribie wala usiiguse. Toa watu nje, funga mlango, ita zimamoto. Moshi wake una gesi zenye sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni, na hakuna kitambaa cha kufunga puani kinachoizuia.

Kwa ajili ya hatari hii, vipimo vyote vilivyotajwa juu vifanyike juu ya kigae, chuma au saruji, ukiwa macho na ukiwa karibu. Seli ya shaka haichajiwi kitandani wala usiku mkiwa mmelala.

Dalili ya 6: Betri ya seli nyingi inakata mapema au inabagua

Betri ya baiskeli ya umeme, ya mashine ya kuchimbia au ya taa za sola ikiundwa kwa seli za lebo ya uongo, seli dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua. Zikiunganishwa mfululizo, yenye 1000 mAh itafika 2.8 wakati wenzake wana zaidi ya nusu. Saketi ya ulinzi ikiwa nzima itakata. Ikiwa nayo ni ya bei chee, wenzake wataendelea kuisukuma ile dhaifu mpaka volti yake igeuke upande.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kusoma volti za kila kundi la seli zilizounganishwa sambamba kwenye waya mwembamba wa mizania, ule wa kusawazisha makundi, kama betri ina kiunganishi cha nje: mara moja ikiwa imejaa, mara moja karibu na mwisho. Makundi yakilingana ndani ya volti 0.03 ikiwa imejaa, halafu moja likabaki nyuma kwa 0.3 karibu na mwisho, kundi hilo ndilo lenye tatizo. Hapo simama. Kufungua betri iliyochomelewa na kubadilisha seli ni kazi ya fundi wa betri mwenye mashine ya kuchomelea kwa nukta na chaja ya kupima kila seli. Bisibisi moja ikiteleza kwenye betri ya volti 36 au 48 inatosha kuyeyusha bati la nikeli na kukuunguza mkono. Mwambie fundi akuonyeshe namba ya mAh aliyoipima kwa kila seli anayoiweka. Asiyeweza kukuonyesha anasoma lebo zilezile ulizosoma wewe.

Seli ulizozikataa zimwage hadi 2.8, funika ncha zote mbili kwa utepe wa umeme, weka kila moja peke yake ndani ya mfuko au boksi la karatasi, na uzipeleke kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki. Zikitupwa wazi kwenye pipa pamoja na makopo na misumari, hata ile yenye 1000 mAh tu ina umeme wa kutosha kuwasha moto.